Tope la Rufiji: Jinsi Mto Unavyojijengea Shamba Mlangoni mwa Bahari

Abiria wanaotoka Dar es Salaam kwenda Kilwa, Lindi au Mtwara huuvuka Mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa. Mwezi Oktoba mto huwa umesinyaa, maji yanapita taratibu katikati ya mafungu ya mchanga, na mtu huweza kujiuliza daraja refu kiasi kile lilijengwa kwa ajili ya nini. Mwezi Aprili swali hilo halipo tena. Maji yamejaa kutoka ukingo hadi ukingo, yamebeba magogo na mafurushi ya majani, na rangi yake imekuwa kama ya chai ya maziwa.

Rangi hiyo ni udongo. Bonde la Rufiji linakusanya maji kutoka eneo la takriban kilomita za mraba 177,000, karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara. Mto Kilombero unashusha maji ya milima ya Udzungwa na nyanda za Mahenge. Luwegu unatoka kusini. Ruaha Mkuu unakuja kutoka nyanda za juu za Mbeya na Iringa baada ya kupita Usangu. Kilombero na Luwegu wakikutana ndipo jina la Rufiji linapoanza, na Ruaha Mkuu unajiunga nao mbele kidogo, kabla mto haujapenya kwenye korongo lililoitwa kwa miaka mingi Stiegler. Kila mvua inayonyesha juu ya mashamba ya Mbarali, mashamba ya miwa ya Kilombero au misitu ya Udzungwa inang'oa punje za udongo, na punje hizo zina safari moja tu: kuteremka.

Safari inaishia mbele ya Kisiwa cha Mafia. Hapo, katika wilaya za Kibiti na Rufiji, mto unaacha kuwa mto mmoja. Unagawanyika kuwa matawi yenye majina ambayo wenyeji wanayajua kama majina ya mitaa: Simba Uranga, Kikunya, Msala, Kiomboni, Jaja na mengineyo. Kati ya matawi hayo kuna visiwa, vinamasi, mashamba ya mpunga na msitu wa mikoko wa zaidi ya hekta 50,000, ambao hakuna msitu mmoja wa mikoko mkubwa kuuzidi katika pwani ya Afrika Mashariki. Nchi yote hiyo imeletwa na maji. Hakuna mwamba wa kuisimamisha. Ukichimba, unakuta mchanga na tope, na chini yake mchanga na tope tena.

Ili kuelewa inavyojengwa, inatosha kuchota maji ya masika kwenye chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, kuifunga na kuiacha imesimama juu ya meza. Tuseme maji yana kina cha sentimita 20. Ndani ya nusu dakika kitako cha chupa kitakuwa na utando wa mchanga mwembamba, kwa sababu punje yenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita huzama haraka. Punje zilizo ndogo mara kumi kuliko hizo, zile ambazo mtu akizisugua kwa vidole huzihisi laini kama unga, zinahitaji zaidi ya nusu saa. Halafu kuna chembe za mfinyanzi, ambazo jicho haliwezi kuziona moja moja. Zilizo kubwa kidogo huchukua saa 15 kufika chini, na zilizo ndogo zaidi siku mbili au tatu, kama nyumba haitikisiki. Zile ndogo kabisa hazizami, na chupa inabaki na ukungu wiki nzima.

Mto hufanya kazi hiyohiyo ya kuchagua, ila yeye hutumia mwendo badala ya muda. Maji yanayokimbia yana misukosuko ndani yake inayozirusha punje juu kila zinapotaka kuzama. Kadiri mwendo unavyopungua ndivyo nguvu ya kurusha inavyopungua, na punje nzito ndizo zinazoachwa kwanza. Mlimani mto huviringisha mawe. Uwandani hubaki na mchanga na tope. Unapofika baharini, mteremko umekwisha, mbele kuna maji yaliyotulia yasiyotaka kupisha, na mto unatanuka ghafla pande zote. Mwendo unakatika. Mchanga unaanguka palepale mlangoni.

Hapo ndipo delta inapozaliwa. Mchanga ulioanguka katikati ya mlango hujikusanya kuwa fungu. Msimu unaofuata maji yanalikuta fungu hilo mbele yake, yanashindwa kulivuka, yanapita kulia na kushoto kwake. Mlango mmoja umekuwa miwili. Kila mlango nao unaendelea kumwaga mchanga mbele yake, fungu jingine linaota, na mgawanyiko unajirudia. Nyuma, lile fungu la kwanza limeshainuka kiasi cha kuonekana maji yanapokupwa. Mbegu za mikoko zinazoelea zinakwama juu yake, zinatoa mizizi, na mizizi hiyo inapunguza mwendo wa maji zaidi na kunasa tope zaidi. Hivyo ndivyo visiwa vingi vya Rufiji vilivyoanza.

Mfinyanzi hauwezi kujengwa kwa njia hiyo, maana ni mwepesi mno. Kinachouangusha ni chumvi. Jaribio la chupa linaonyesha vizuri: chota chupa mbili za maji ya tope, moja itie kijiko cha chai cha chumvi, utikise zote mbili, kisha usubiri saa chache. Ile yenye chumvi itakuwa na maji maangavu juu na tope zito chini, wakati mwenzake bado ni kahawia. Chembe za mfinyanzi zote zina chaji hasi ya umeme juu ya nyuso zake, kwa hiyo husukumana na kukaa mbalimbali katika maji baridi. Chumvi inapoingia, nguvu ya kusukumana inapungua, chembe zinagusana, zinashikamana kuwa vidonge, na vidonge vinazama. Katika Rufiji jambo hili hutokea ndani ya matawi yenyewe, pale maji ya mto yanapokutana na maji ya bahari yanayojaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, kwa hiyo mahali pa kukutana hapatulii. Pwani yake yote inapata gawio la mfinyanzi.

Bahari nayo ina neno lake. Mawimbi makubwa huufagia mchanga na kuutandaza pwani, na mito mingi yenye mashapo ya kutosha imeshindwa kujenga delta kwa sababu hiyo. Rufiji umepata bahati ya kuwa na Mafia na miamba yake mbele ya mlango, inayovunja sehemu ya nguvu ya bahari kuu. Ndiyo maana tope linakaa.

Utando huu wa matawi ulijulikana dunia nzima mwaka 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg ilipojificha ndani yake. Meli za Kiingereza zilikaa nje zikilinda milango kwa miezi mingi bila kuweza kuingia, kwa kuwa zilikuwa kubwa mno kwa vina vile na ramani zao hazikuonyesha matawi yote vizuri. Ilibidi ziletwe meli mbili zenye kina kifupi, Severn na Mersey, na Königsberg ilizamishwa tarehe 11 Julai 1915. Mabaki yake yalionekana juu ya maji kwa miongo kadhaa, kisha yakadidimia kidogokidogo katika sakafu ya mto. Rufiji ulilizika chuma lile kwa mashapo yaleyale unayojengea visiwa.

Sasa, kwa nini nchi hiyo inazaa?

Jibu la haraka ni kwamba mafuriko huleta mbolea. Lina ukweli ndani yake, lakini linaruka jambo muhimu, kwamba mafuriko hayagawi tope sawasawa. Mto unapofurika, maji yanatoka kwenye mkondo wa kasi na kuingia kwenye majani na matete ya ukingoni, na papo hapo yanapoteza mwendo. Mchanga na punje za kati zinaanguka hapohapo. Mafuriko mamia yakifuatana, kingo zinainuka na kuwa tuta refu linaloufuata mto. Maji yaliyolivuka tuta yanaendelea polepole hadi mabondeni nyuma yake, yanatuama kwa wiki kadhaa, na huko ndiko tope laini linakopata muda wa kuzama. Mtu anayetembea kutoka mtoni kuelekea ndani huanza kwenye udongo wa kichanga usiotuamisha maji, anashuka kwenye tifutifu, na kuishia kwenye mfinyanzi mweusi unaonata miguuni masika na kupasuka nyufa kiangazi. Kilimo cha Rufiji kimefuata ramani hiyo tangu zamani. Miembe na nyumba ziko juu ya tuta, mahindi yako kwenye tifutifu, mpunga uko bondeni.

Mfinyanzi una thamani kwa mkulima kwa sababu ileile inayoufanya uogope kuzama: ni chembe ndogo mno zenye chaji hasi. Gramu moja ya baadhi ya aina za mfinyanzi, nyuso za chembe zake zote zikikunjuliwa, hufikia mamia ya mita za mraba. Juu ya nyuso hizo hujishikiza potasiamu, kalsiamu na magnesiamu, virutubisho vyenye chaji chanya ambavyo katika udongo wa kichanga vingeoshwa na mvua chache tu. Mizizi ya mmea huvichukua kimoja kimoja kadiri inavyohitaji. Tena mashapo ya mto ni mchanganyiko wa miamba mingi. Udongo wa mlima mmoja una upungufu wa mlima ule. Tope la Rufiji lina kidogo cha Udzungwa, kidogo cha Mahenge, kidogo cha kusini, na sehemu yake ni mawe yaliyosagika karibuni ambayo bado yana madini ya kutoa.

Kirutubisho kimoja tope halikileti kwa wingi, nacho ni naitrojeni, ambacho hakitoki kwenye mawe. Shamba la mafuriko hukipata kwa njia nyingine. Majani na magugu yaliyozama huoza na kukiachia udongoni, na katika maji yaliyotuama kwenye majaruba huishi vijidudu vya kijani vinavyoweza kunasa naitrojeni ya hewani. Ndiyo sababu mpunga huweza kulimwa mwaka hadi mwaka kwenye bonde lilelile bila mfuko wa mbolea, ingawa mavuno yake yana kikomo. Mkulima anayetaka mavuno makubwa ya mbegu za kisasa bado atahitaji kuongeza naitrojeni, hata akiwa juu ya tope bora kuliko yote.

Zawadi kubwa kuliko virutubisho, huenda, ni maji yenyewe yanayobaki udongoni baada ya mafuriko kuondoka. Udongo wa tifutifu wenye kina cha mita moja huweza kushika maji yanayofaa mmea yapatayo milimita 150 hadi 200, kiasi ambacho mahali pengi Tanzania ni mvua nzuri ya mwezi mzima. Chini yake, kwenye bonde, kuna maji mengine yasiyo mbali, yanayopanda polepole kupitia vitundu vidogo vya udongo. Warufiji wamejenga juu ya jambo hilo msimu mzima wa kilimo unaoitwa mlau. Maji yakianza kushuka, kuanzia Mei au Juni, wanayafuata nyuma yake wakipanda mahindi, kunde, maboga na mboga kwenye ardhi inayojitokeza ikiwa bado na unyevu. Mazao hayo hukua na kukomaa katikati ya kiangazi bila kutegemea mvua. Mwaka ambao mvua zimekwenda vibaya na mashamba ya juu yameungua, mafuriko yaliyotokana na mvua za mbali za Kilombero huweza bado kufika na kuukoa mwaka kwa mlau.

Hata hivyo, kilimo hiki kinategemea saa zaidi ya kalenda ya kawaida ya mvua. Mpunga wa bondeni hupandwa na mvua za kwanza, kati ya Desemba na Januari mara nyingi, ili mche uwe umerefuka kabla mto haujapanda. Mbegu za kienyeji zimechaguliwa kwa vizazi kwa ajili ya hilo: maji yakipanda polepole, nazo zinarefuka zikitanguliza majani juu. Maji yakipanda kwa kishindo na kuufunika mpunga kabisa, mmea unakosa hewa na mwanga, na aina nyingi za mpunga hufa ndani ya wiki moja au mbili. Mafuriko yakija Februari, mche bado mfupi, unazama. Yakichelewa hadi Mei, mpunga umeshaunguzwa na jua, na mlau nao utapandwa kwa kuchelewa. Yasipokuja kabisa, hakuna mpunga wa bondeni wala mlau. Yakija makubwa mno, kama ya Aprili 2024, yaliyofunika mashamba na makazi ya watu Rufiji na Kibiti, hasara inaonekana kabla faida haijajulikana.

Maisha ya bondeni yalipangwa kuendana na hali hiyo. Familia zilijenga madungu, vibanda juu ya nguzo ndefu, ambamo mtu aliweza kulala maji yakiwa chini yake na kulinda mpunga dhidi ya nguruwe na viboko. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, serikali iliwahamisha watu wengi kutoka bondeni kwenda vijiji vya nchi ya juu. Nia ilikuwa kuwaokoa na maji na kuwapa shule, zahanati na barabara, na huduma hizo zilihitajika kweli. Lakini shamba lilibaki bondeni, mwendo mrefu kutoka kijijini, na wakulima wengi waliendelea kushuka na kuishi kwenye madungu msimu wa kilimo. Waliopanga uhamisho walihesabu hatari ya maji. Hesabu ya tope ilibaki kwa wakulima.

Karibu zaidi na bahari, shida inabadilika. Adui hapo ni chumvi. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita, na mpunga huanza kupunguza mavuno yanapofika gramu 2 hivi. Kiasi hicho ulimi unakisikia, na kuonja maji ya jaruba ni kipimo cha haki kabisa. Bahari ni nzito kuliko mto, kwa hiyo wakati maji yanajaa, chumvi huingia kwa chini kama kabari huku maji baridi yakipita juu. Masika mto huwa na nguvu ya kuisukuma kabari hiyo hadi mlangoni na kuziosha chumvi zilizobaki mashambani. Kiangazi nguvu hiyo hupotea na chumvi hurudi juu. Mpunga wa delta yenyewe hulimwa ndani ya dirisha hilo la miezi michache, na dirisha ni kubwa au dogo kutegemea tawi lipi la mto linapata maji mengi.

Na tawi hilo halidumu kuwa lilelile. Kila tawi linajaza kitako chake mashapo, linajirefusha kuelekea baharini, mteremko wake unazidi kuwa mdogo, na hatimaye mafuriko moja makubwa yanapata njia fupi zaidi pembeni. Katika Rufiji sehemu kubwa ya maji ilihamia matawi ya kaskazini katika miaka ya 1970. Kusini pakapungukiwa maji baridi. Kaskazini, mahali palipokuwa pa mikoko na maji ya chumvi, maji baridi yalianza kufika ya kutosha mpunga, na watu wakaanza kufyeka mikoko ili walime.

Mashamba hayo ya mikokoni huanza vizuri. Tope ni jipya, magugu ni machache, mpunga unasimama. Misimu michache baadaye mambo huharibika: magugu yanajaa, kaa wanakata miche, mavuno yanashuka, na mkulima anafyeka mbele. Sehemu ya maelezo iko chini ya miguu yake. Tope la mikoko, likiwa limezama maji ya bahari bila hewa, hukusanya salfa iliyoungana na chuma. Likiwa limelowa halina madhara. Likikaushwa na hewa ikaingia, mchanganyiko huo hugeuka kuwa tindikali, na udongo waweza kuwa mkali hata mizizi isiweze kufanya kazi. Dalili zake huonekana kwa jembe tu: tope linalonuka yai bovu likifukuliwa, na baada ya kukauka madoa ya manjano yaliyofifia kwenye nyufa na njia za mizizi ya zamani. Shamba la namna hiyo halisaidiwi na kuongeza mifereji ya kulikausha, kwa kuwa kukausha ndiko kunakotengeneza tindikali. Na mikoko ikiwa imeondolewa, hakuna tena wa kulinasa tope jipya.

Tope jipya linahitajika kila mwaka kwa sababu delta inazama. Hilo ni umbile lake, hata pasipo mtu kuigusa. Tope lililolowa lina maji mengi ndani. Likilaliwa na tabaka jingine, maji yanakamuliwa na tabaka linapungua unene. Bahari nayo inapanda. Nchi ya delta hubaki juu ya maji kwa sababu tu mto unaongeza tabaka juu kwa kasi isiyopungua ile ya kushuka. Mashapo yakikatika, sura ya kwanza ya tatizo huonekana pwani: mizizi ya mikoko inaachwa wazi, miti ya mstari wa mbele inaangukia baharini, visima vya karibu vinaanza kuwa na chumvi.

Misri imeyaona hayo kwa macho. Kabla ya Bwawa Kuu la Aswan kukamilika mwaka 1970, Mto Nile ulikuwa ukishusha mashapo ya zaidi ya tani milioni 100 kwa mwaka, karibu yote wakati wa mafuriko. Baada ya hapo sehemu kubwa mno ilibaki kwenye ziwa la bwawa. Bwawa lilileta umeme na maji ya kumwagilia mwaka mzima, na mkulima wa Misri akaacha kuogopa mwaka wa ukame. Lakini pwani ya Rosetta ililiwa na bahari kwa kilomita kadhaa, chumvi ikajikusanya mashambani ambako mafuriko hayaioshi tena, na mbolea ya dukani ikachukua nafasi ya tope. Kenya inalo somo la karibu zaidi: mabwawa ya Tana, kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Masinga mwaka 1981 na Kiambere baadaye, yamepunguza mafuriko ambayo Wapokomo wa chini walikuwa wakiyategemea kwa mpunga na migomba yao.

Rufiji sasa una Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, lenye mitambo ya megawati 2,115. Limejengwa kwenye korongo lile ambalo Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu vyote vimeshakwisha kujiunga kabla ya kulifikia, na chini yake hakuna kijito kikubwa cha kufidia. Kwa hiyo karibu kila tone na karibu kila punje inayoelekea delta inapitia hapo. Mchanga na sehemu kubwa ya tope vitazama kwenye ziwa hilo kubwa, kwa sababu ileile inayovizamisha kwenye chupa: maji yametulia.

Jambo linalosahaulika ni lile linalotokea mara baada ya ukuta. Maji yanayotoka kwenye mitambo hayana mzigo, lakini nguvu ya kubeba yanayo bado. Yanajaza mzigo wao kwa kuchimba sakafu ya mto na kung'oa kingo. Kwa muda, delta huendelea kupata mashapo, na mtu anayeangalia pwani peke yake aweza kudhani hakuna kilichobadilika. Wakati huohuo mto unazama ndani ya mkondo wake. Kingo zinakuwa ndefu zaidi, na kiasi cha maji ambacho zamani kilitosha kufurika sasa kinapita chini bila kulifikia bonde. Mabwawa ya asili ya uwandani yanayojazwa na mafuriko, kama Utunge na Ruwe, ambako samaki huzaliana, hukosa kuunganishwa na mto miaka mingi zaidi. Dalili za kutazamia ni kuporomoka kwa kingo zilizokuwa imara na nguzo zinazoanza kuonekana msingi wake.

Waendeshaji wa bwawa wanaweza kuachia mafuriko kwa makusudi, na hilo ndilo jambo moja kubwa lililo mikononi mwa watu. Haliwezi kuurudisha mchanga uliozama ziwani. Linaweza kulowesha bonde kwa ajili ya mlau, kusukuma chumvi nje ya matawi, kufungulia njia ya samaki kuingia mabwawani, na kusogeza tope lililo chini ya ukuta hadi linakohitajika. Masharti yake yanajulikana kutoka kwa mpunga: maji yapande kwa siku nyingi badala ya usiku mmoja, yaanze mche ukiwa umerefuka, yavuke kingo na kukaa muda wa tope kuzama, kisha yashuke mapema ili mlau upate unyevu. Kwa Rufiji hiyo ni Machi hadi Mei. Ni miezi hiyohiyo ambayo mwendesha mitambo ya umeme hutaka kuzuia maji ili ziwa limfikishe mwisho wa kiangazi. Wakulima wa Muhoro na Utete wanahitaji kujua wiki kadhaa kabla, na kwa kiasi gani, kama maji yataachiwa au yatazuiwa, kwa kuwa uamuzi wa kupanda mpunga bondeni unafanyika Desemba.